Chupa ya ARV kwenye mkoba wa muuguzi

Mume anayekuta chupa ya ARV kwenye mkoba wa mkewe huwa na swali moja tu kichwani, na mara nyingi swali hilo huja na hasira. Lakini kama mke ni muuguzi, mtaalamu wa maabara au mfanya usafi wa zahanati, chupa hiyo inaweza kuwa na maana nyingine kabisa. Huenda amechomwa na sindano kazini, na vidonge hivyo ni vya siku 28 tu, vya kuzuia virusi visishike mwilini. Wapo wanaoacha dawa hizo katikati kwa sababu ya macho ya watu wa nyumbani, ndiyo maana familia inahitaji kuelewa jambo hili mapema.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa zahanati iliyopo Kileo, kwenye tambarare chini ya milima ya Pare. Ana miaka 28, ameolewa, na ana mtoto wa miezi minane anayenyonya. Jumatatu saa nne asubuhi ametoka kumchukua mgonjwa damu kwenye mshipa. Anapotaka kurudisha kifuniko kwenye sindano, ncha inapita pembeni, inatoboa glovu na kuingia kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto.

Wengi hapo hukimbilia kuminya kidole ili "damu mbaya itoke", au kukichovya kwenye spiriti au dawa ya kufulia nguo nyeupe. Vyote viwili havisaidii. Kuminya kunajeruhi nyama iliyo kuzunguka tundu, na dawa kali zinaiunguza ngozi iliyokuwa kizuizi. Kinachotakiwa ni kuvua glovu, kuosha kidole mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kuiacha damu itoke yenyewe kama inatoka. Kama damu ya mgonjwa imeruka jichoni au mdomoni, sehemu hiyo huoshwa kwa maji mengi safi bila sabuni.

Baada ya kuosha, anamwambia mganga mfawidhi wa zahanati muda uleule, hata kama foleni ya wagonjwa ni ndefu. Tukio linaandikwa: saa ngapi, sindano ya aina gani, imeingia kiasi gani, na imetoka kwa mgonjwa yupi. Maelezo haya yana kazi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997, uliohusisha wahudumu wa afya wa Marekani, Ufaransa, Uingereza na Italia, ulionyesha kwamba hatari ya kupata VVU hupanda pale jeraha linapokuwa la kina, damu inapoonekana kwenye kifaa, sindano inapokuwa imetoka ndani ya mshipa wa mgonjwa, na mgonjwa anapokuwa katika hatua za mwisho za UKIMWI. Sindano ya muuguzi wetu imetoka mshipani ikiwa na damu ndani yake. Hili si la kusema "ni kamchubuko tu".

Hata hivyo, hofu nayo iwe na kipimo. Kwa wastani, watu 1,000 wakichomwa na sindano zenye damu ya mtu mwenye VVU, wote bila kutumia dawa, takriban watatu ndio huambukizwa. Uchunguzi uleule wa 1997 ulikuta kwamba waliotumia zidovudini, dawa ya zamani na peke yake, walikuwa na hatari ndogo kwa takriban asilimia 81. Siku hizi hutumika dawa tatu kwa pamoja.

Dawa hizo zinafanya kazi kwa sababu virusi haviuteki mwili mzima papo hapo. Vikishaingia kwenye tundu la sindano, huchukua muda kushika chembe za karibu, kisha kufikishwa kwenye tezi na kusambaa. Dawa inatakiwa ivikute bado njiani. Kwa hiyo kidonge cha kwanza humezwa haraka iwezekanavyo, ndani ya saa chache, na mwisho ni saa 72. Kwa muuguzi wetu mlango unafungwa Alhamisi saa nne asubuhi, lakini Jumatatu mchana ni bora mara nyingi kuliko Jumatano jioni. Kama zahanati yake haina dawa, anaondoka siku hiyohiyo kwenda kituo chenye kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, iwe ni Mwanga, Same au Moshi. Hasubiri zamu iishe, wala hasubiri majibu ya mgonjwa. Anaanza dawa kwanza, na majibu yakija ndipo inaamuliwa kama ataendelea.

Majibu hayo ni ya watu wawili. Mgonjwa anaelezwa kilichotokea na kuombwa ridhaa ya kupimwa VVU na homa ya ini. Akikutwa hana VVU, na hakuna sababu ya kudhani ameambukizwa wiki chache zilizopita kiasi cha kipimo kutoona, muuguzi huachishwa dawa. Akikutwa navyo, akikataa kupima, au sindano ikiwa haijulikani ilitoka kwa nani, dawa zinaendelea hadi siku ya 28.

Mtu wa pili ni muuguzi mwenyewe. Kipimo chake cha siku ya kwanza hakiwezi kuonyesha maambukizi ya saa moja iliyopita. Kinaonyesha hali aliyokuwa nayo kabla ya kuchomwa. Akikutwa tayari ana VVU, atahitaji matibabu ya kudumu badala ya kinga ya siku 28. Akikutwa hana, karatasi hiyo ni ushahidi wake. Ikiwa baadaye atakutwa na maambukizi, inasaidia kuthibitisha mbele ya mwajiri na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwamba aliyapata kazini. Asiyeripoti na kupima mapema hujikuta hana cha kuonyesha.

Kuna ugonjwa mwingine unaosahaulika kwa sababu hautishi kama UKIMWI, nao ni homa ya ini aina ya B. Virusi vyake huambukiza kirahisi zaidi kwa sindano. Kwa asiye na kinga, kati ya watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye virusi hivyo, wanaoambukizwa ni kuanzia 60 hadi 300, kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hii mwaka 2002, kwa hiyo muuguzi aliyezaliwa kabla ya hapo hawezi kudhani aliipata utotoni. Kama hajachanjwa, anapewa dozi ya kwanza siku hiyo, vizuri iwe ndani ya saa 24, kisha nyingine baada ya mwezi mmoja na ya mwisho mwezi wa sita. Mzazi mwenye kijana anayesomea uuguzi amuulize swali hili kabla hajaanza mafunzo wodini: umeshamaliza chanjo zote tatu?

Kipimo chake cha homa ya ini kina sababu nyingine tena. Mbili kati ya dawa tatu za kinga, tenofovia na lamivudini, hukandamiza pia virusi vya homa ya ini B. Kama muuguzi alikuwa navyo bila kujua, kuacha vidonge ghafla siku ya 28 kunaweza kuviamsha na kuliumiza ini. Daktari akijua mapema, humpangia namna ya kumaliza dawa kwa usalama. Tenofovia pia huhitaji figo zilizo salama, hivyo kipimo cha figo nacho hufanyika.

Sasa turudi nyumbani. Chupa iliyoandikwa TLD ina dawa hizo mbili pamoja na dolutegravia, zote ndani ya kidonge kimoja cha kumeza mara moja kwa siku. Aliyeanza Jumatatu anamaliza Jumapili ya nne. Wiki ya kwanza anaweza kupata kichefuchefu, kuumwa kichwa au kukosa usingizi. Akikosa usingizi, anaweza kuhamishia kidonge asubuhi. Jambo moja huwaponyoka wengi: vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, ambavyo wanaonyonyesha hupewa mara kwa mara, pamoja na baadhi ya dawa za kutuliza kiungulia, huzuia dolutegravia isiingie vizuri mwilini. TLD imezwe saa mbili kabla ya dawa hizo au saa sita baada yake.

Mazungumzo na mume yafanyike jioni ya siku ya kwanza. Akisubiri chupa ionekane yenyewe, ataulizwa, "Mama watoto, hizi dawa ni za nini?" na jibu lolote litasikika kama la kujitetea. Ni rahisi zaidi kusema, "Baba watoto, leo nimechomwa na sindano kazini. Nimepewa dawa za wiki nne, na mpaka vipimo viishe tutatumia kondomu." Kondomu ni za lazima kwa sababu, ikitokea dawa zimeshindwa, wiki za kwanza ndizo virusi huwa vingi sana katika damu. Kwa kipindi hicho asichangie damu pia.

Kuhusu mtoto, mama asimwachishe ziwa kwa hofu tu. Vidonge hivi hutumiwa na akina mama wengi wenye VVU wakiwa wananyonyesha. Lakini amweleze mtoa huduma siku ya kwanza kwamba ananyonyesha, wapime pamoja hatari ya jeraha na umri wa mtoto, kisha waamue.

Kumaliza chupa si kumaliza safari. Kipimo cha VVU hurudiwa wiki ya 6 na mwezi wa 3, na ratiba nyingine huongeza mwezi wa 6, kwa kuwa dawa zenyewe zinaweza kuchelewesha maambukizi kuonekana. Homa ya ini aina ya C haina chanjo wala dawa ya kinga, hivyo hufuatiliwa kwa vipimo, na ikigundulika ina vidonge vya kuiponya. Katika miezi hiyo, homa, vipele, tezi kuvimba au macho kuwa ya njano ni sababu ya kurudi kituoni bila kusubiri tarehe.

Kwa upande wa zahanati, tukio lililoandikwa linaonyesha lilipoanzia. Muuguzi wetu alichomwa akirudisha kifuniko, kitendo ambacho hakitakiwi. Sindano iliyotumika hutupwa ilivyo, bila kifuniko, kwenye boksi gumu la usalama lililo karibu na mkono, na boksi hufungwa likifika robo tatu. Likijaa hadi sindano zikachungulia, anayefuata kuchomwa ni mfanya usafi anayelibeba kulipeleka kwenye kichomea taka. Huyo mara nyingi hajui sindano ilitoka kwa nani, na pengine hakuna aliyewahi kumwambia kwamba saa 72 zinamhusu naye.