Nakuja. Ni Saa Nne au Saa Kumi?

Kadi ilikuwa picha kwenye WhatsApp, dhahabu pembeni na maua ya kijani kila kona. Ibada, kanisani Nkubu, Jumamosi ya Agosti, "10.00". Chini yake maneno mawili kuhusu mavazi: kijani na krimu. Halafu RSVP na namba mbili za simu.

Shangazi yangu aliisoma kwa sauti: "Harusi ni saa kumi." Akaanza kupanga siku yake hapo hapo. Asubuhi atashinda sokoni Embu, saa sita aoge, saa saba tuko stejini. Kwa mtu anayesoma namba kama ilivyo, hakukuwa na tatizo lolote. Kadi ilisema kumi, naye akasema kumi.

Lakini aliyeiandika kadi alikuwa akifikiri kwa Kiingereza. Hiyo 10.00 ni saa nne ya asubuhi, kwa sababu sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza na Mwingereza anaanza usiku wa manane. Tofauti ni saa sita kamili, na harusi nzima inaweza kuisha ndani yake. Na usidhani ni wazee tu wanaochanganyikiwa. Kuna vijana wengi sasa wanaoandika "saa 10" wakimaanisha asubuhi, kwa hivyo hata ukiona neno saa, bado hujajua.

Unaweza kusema, si ni wazi tu, nani anafunga ndoa kanisani saa kumi jioni? Sawa, lakini kukisia kuna bei yake. Kutoka Embu hadi Nkubu unapita Runyenjes, Chuka na Chogoria, barabara ya kona na mabonde ya mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya. Matatu haing'oi nanga mpaka ijae. Ukishaondoka umechelewa, unaanza kumwomba dereva akanyage mafuta, na mbele yako kuna daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na zaidi ya watu thelathini wakafa. Shangazi hushika kiti cha mbele kwa mikono miwili kila tukikaribia ule mteremko. Sikutaka tufike hapo tukiwa na haraka.

Kwa hivyo nilihitaji kujibu, na jibu lenyewe liwe na swali ndani. Hapo ndipo watu wengi hukwama. Wengine wanaandika "Nitajaribu", neno ambalo kameti haiwezi kulipikia chakula. Wengine wanaanza na swali: "Kwani mtaanza saa ngapi?" Ukianza hivyo, inasikika kama unaweka masharti, kwamba jibu likikupendeza ndio utakuja. Tena hilo "kwani" linabeba ile shutuma yetu ya kawaida, kwamba harusi zetu hazianzi kwa wakati. Mwenye harusi anajua. Hahitaji kukumbushwa na mgeni.

Mimi naona mpangilio ni huu: kwanza ndiyo, halafu idadi, halafu swali. Ndiyo ikitangulia, swali linakuwa la mtu ambaye tayari ameshajipanga upande wenu. Idadi ni muhimu kwa sababu kuna mtu anahesabu viti vya hema na sahani, na "tutakuja" inaweza kuwa wawili au tisa.

Kuhusu nani wa kumwandikia, bibi harusi ni rafiki yangu, tulikaa dawati moja. Ningeweza kumtumia yeye. Lakini wiki mbili kabla ya harusi simu ya bibi harusi si yake tena, ni ya fundi wa gauni, mpiga picha na wajomba. Zile namba mbili chini ya kadi ndizo za watu wa kameti waliokubali kusumbuliwa. Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa kwao.

Swali la mavazi nalo lilikuwa na mtego. "Kijani na krimu" inaweza kumaanisha wageni wote, au inaweza kuwa rangi za wasimamizi na mapambo tu. Ukikosea upande wa kwanza, unasimama peke yako kwenye kila picha. Ukikosea upande wa pili, umevaa sare ya wasichana wa bibi harusi na hakuna aliyekualika kwenye mstari wao. Na katikati kuna pesa: kitenge kipya na mshono, kwa mtu anayeishi kwa makala moja hadi nyingine, ni matumizi ya wiki kadhaa.

Ukiuliza "nivae nini?" unampa mtu mwingine kazi ya kufikiria kabati lako. Afadhali umtajie nguo uliyonayo, aseme ndiyo au la. Hata saa ni hivyo hivyo: usimwachie nafasi ya kurudia namba ile ile. Akikujibu "ni saa 10 kama kwa kadi," mmerudi mlikotoka. Taja saa kwa Kiswahili, ongeza neno asubuhi, umwache athibitishe.

Nilichotuma ni hiki:

"Habari yako mama. Mimi ni rafiki ya bibi harusi, niko Embu. Tumepata kadi, asanteni sana kwa kutukumbuka. Nitakuja pamoja na shangazi yangu, tuko wawili. Naomba kuuliza mambo mawili tu. Ibada ni saa nne asubuhi, sivyo? Na kijani na krimu ni ya wageni wote au ya wasimamizi? Mimi nina gauni la kitenge la bluu. Tunawaombea maandalizi mema."

Sikutaja mchango. Ukichanganya mchango na kukubali mwaliko, ujumbe unageuka mazungumzo ya pesa, na jibu la mavazi linapotea humo ndani.

Alijibu jioni: "Karibuni sana wanangu. Ndiyo, saa nne asubuhi. Kijani ni ya wasimamizi, bluu ni sawa kabisa. Lakini kama mnatoka Embu, kuna basi la upande wa bwana harusi, linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Niwawekee viti viwili? Wao wanapitia nyumbani kwanza. Na mbebe sweta, huku kuna baridi."

Hilo basi halikuwa kwenye kadi. Na "wanapitia nyumbani kwanza" ilinieleza kwa nini saa nne inaweza kusogea. Msafara wa bwana harusi ukifika kwa kina bibi harusi, unakuta geti limefungwa. Akina mama wa ndani wanaimba, wa nje wanajibu, kuna kubembeleza na noti zinazopita kwenye upenyo wa geti, na hakuna anayeangalia saa. Kasisi anaweza kuwa tayari madhabahuni huku geti bado halijafunguliwa. Mgeni anayekwenda kanisani moja kwa moja anaona uchelewaji mtupu. Aliye kwenye basi anaona harusi imeshaanza, tena pale penye raha zaidi.

Nilimsomea shangazi ujumbe wote. Alinyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole kurudi nyuma kutoka saa kumi na moja: kuamka, kuoga, chai, kutembea hadi stejini. Kisha akampigia jirani yake wa sokoni amshikie meza Jumamosi nzima, akanituma nimtolee sanduku chini ya kitanda, atafute ile sweta yake nzito ya maruni.