Goma: Namba ya siku mfululizo ikirudi sifuri, usifunge kaye

Vijana wengi wa Goma wanajifunza Kiingereza kwa simu. Programu kama Duolingo inahesabu siku ulizosoma bila kuruka hata moja, na namba hiyo inakaa pembeni ya alama ya moto. Ukisoma leo inapanda. Ukikosa siku moja, inarudi sifuri.

Namba hiyo inasaidia mwanzoni, kwa sababu mtu anaona kazi yake. Lakini tumchukue kijana mmoja wa Ndosho. Amefikisha siku 41. Alhamisi usiku umeme unakatika, simu inazima, na mega zilikuwa zimeisha tangu mchana. Ijumaa anafungua programu, anakuta sifuri. Anasema, "Basi, yote imeharibika," na anaiacha wiki tatu.

Hesabu ni hii: umeme ulimpotezea siku 1. Siku 21 zilizofuata alizipoteza kwa sababu ya ile sifuri. Maneno aliyojifunza katika siku 41 yalikuwa bado kichwani. Namba haikuwa ikipima Kiingereza chake. Ilipima tu kwamba hakuruka siku. Alan Marlatt, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani aliyefuatilia watu wanaojaribu kuacha pombe, aliona jambo hilo hilo: mtu akiteleza mara moja, kinachomwangusha zaidi ni kujiona ameshindwa kabisa.

Kuna hasara ya pili, nayo inaanza hata kabla ya kukosa siku. Namba ikishakuwa kubwa, mtu anaanza kuichunga. Saa sita kasoro dakika kumi usiku anarudia somo la rangi, alilolijua zamani, ili namba isianguke. Namba inapanda, Kiingereza kinabaki palepale. Duolingo ina kinga ya kulinda namba siku ukikosa, inaitwa Streak Freeze, lakini lazima iwe imewekwa mapema. Nayo inalinda namba, haifundishi somo.

Je, siku moja inaharibu mazoea? Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, UCL, walifuatilia watu 96 waliojaribu kuzoea jambo jipya kila siku. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2010. Mazoea yalichukua kati ya siku 18 na 254, na katikati ni siku 66. Kukosa mara moja hakukuvunja safari ya kuzoea.

Tena Goma si mahali pa siku zinazofanana. Mwisho wa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, umeme na maji vilikatika. Mwezi uliofuata, familia zilizokuwa Bulengo na Lushagala ziliondoka na mizigo mgongoni. Hesabu isiyotofautisha uvivu na safari ya namna hiyo inamwonea mtu.

Kwa hiyo chukua kaye na biki, chora miduara 30. Siku uliyofanya, jaza mduara. Siku uliyoweza lakini hukufanya, uache wazi. Siku isiyowezekana, kwa ugonjwa, kwa kukimbia au kwa kukosa simu, pitisha mstari, usiihesabu. Tuseme mwisho wa mwezi kuna mistari 4. Zinabaki siku 26. Kama miduara iliyojaa ni 21, umefanya 21 kwa 26. Pengine simu ingekuonyesha 3 tu.

Siku ya kurudi, usilipe deni. Anayetaka kusoma masomo mawili au matatu kufidia jana anachoka, na kesho anakosa tena. Fanya sehemu ndogo kabisa, dakika mbili, saa ileile ya zamani: kama ilikuwa baada ya chai ya asubuhi, iwe baada ya chai. Kama programu inakuonyesha sifuri, soma tu, angalia kaye yako.

Utajuaje kama unapona? Usiangalie mduara mmoja wazi. Angalia kama miduara wazi imefuatana. Mwezi jana ilifuatana mitano, mwezi huu miwili: unarudi haraka zaidi. Ikiendelea kufuatana mingi hata siku za utulivu, kazi uliyojipangia ni kubwa mno. Ipunguze.

Lakini mambo haya si ya dawa. Anayekunywa dawa za kifua kikuu, za virusi vya UKIMWI au za sukari asihesabu 21 kwa 26. Akikosa dozi, asimeze mbili kwa kujiamulia. Aulize kituo cha afya kilicho karibu, hata kama si kile alichoandikishwa kabla ya kuhama. Na aende upesi, bila aibu ya siku iliyopita.