Juu ya Kufasiri Barua za Shukrani

Walimu wengi wa huku kwetu Mbeya, na wenzetu wa Iringa, hupewa kazi ya kufasiri barua zinazokwenda na kurudi kwa marafiki wa ng'ambo. Huko Iringa kazi hii ni kubwa, maana tangu mwaka 1987 Dayosisi ya Kilutheri ina urafiki na makanisa ya Saint Paul, Marekani, urafiki uitwao Bega kwa Bega, na sharika huandikiana. Nasi tulidhani twaijua kazi hiyo, mpaka tulipokosa.

Marafiki wa usharika mmoja wa huku walitoa fedha za mabati 60 ya kuezekea darasa. Mwisho wa barua yao waliandika sentensi ambayo, neno kwa neno, ilikuwa hivi: "Tungeshukuru sana kama mngeweza kututumia risiti kabla ya mwisho wa Juni." Nasi tukaifasiri hivyo hivyo, tukawasomea wazee wa kanisa. Wazee wakafurahi, wakasema, "Tazama, wametoa wao, na tena wanatushukuru sisi!" Mmoja akauliza habari ya zile risiti. Mwenzake akamjibu, "Wamesema kama tungeweza. Hawakusema tupeleke." Juni ikapita, na Julai. Barua ya pili ilipofika ilikuwa fupi, haina salamu, na habari ya darasa la pili haikutajwa tena.

Kosa lilikuwa letu tuliofasiri. Mwingereza akitaka jambo kwa adabu huliweka mbali: hutumia "kama", na "ungeweza", na shukrani huitoa kabla ya kupewa. Hilo kwake ni ombi kamili, tena lenye siku yake. Lakini kwetu "kama mngeweza" humfanya msikiaji adhani kwamba hawezi, au kwamba hatazamiwi kutenda. Adabu yetu ya kuomba imo katika neno "naomba" na katika kitenzi kinachoishia na e. Ilitupasa kuandika: "Tunaomba sana mtutumie risiti kabla Juni haijaisha." Hapo hakuna mzee ambaye angekaa.

Tangu siku ile, tukiona shukrani katika barua ya Kiingereza, twajiuliza kwanza: Je, jambo lenyewe limekwisha kutendeka? Kama limetendeka, ni asante. Kama bado, ni ombi, nalo lifasiriwe kama ombi. (Twaangalia pia kama anayeambiwa ni mmoja au wengi, maana Kiingereza hakionyeshi, na "asante" iliyoandikiwa usharika mzima yapasa kuwa "asanteni".)

Basi tukapeleka risiti, na mzee mmoja akaandika jibu kwa mkono wake. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu. Kisha akasema: "Tunawashukuru sana sana. Hatuna cha kuwalipa. Msichoke." Kwa Kiswahili barua hiyo ni nzuri mno. Mtu aliyekupa maji ya kunywa tu waweza kumwambia asichoke, wala hujaomba kikombe cha pili. Lakini ukiliweka neno hilo katika Kiingereza kama lilivyo, msomaji husikia, "Leteni tena." Na lile la kutokuwa na malipo laweza kumtia mashaka, kana kwamba kuna mtu aliyemdai.

Tukamwendea, tukamwuliza, "Shikamoo, Mzee. Hapa uliposema msichoke, waaga au waomba?"

Akacheka. "Marahaba, Mwalimu. Naaga. Ila wakiwa na misumari, sitakataa."

Jibu hilo lilitusaidia sana, maana mwenye kufasiri hana ruhusa ya kuamua neno hili peke yake. Mahali pa "msichoke" tukaandika kwa Kiingereza kwamba twatumaini urafiki wetu utadumu. Mahali pa "hatuna cha kuwalipa" tukasema kwamba maneno hayatoshi kueleza shukrani zetu. Salamu tulizibakiza, lakini kwa mistari mitatu, maana kuzifuta zote kungekuwa kumnyang'anya mzee heshima yake. Tena, kwa idhini yake, tukaongeza jambo ambalo hakuliona la lazima: kwamba mabati yote 60 yamekwisha kupigwa, na kwamba mvua ya kwanza ilinyesha watoto wakiwa darasani, wasilowe. Msomaji wa Kiingereza hupima shukrani kwa jinsi kitu alichotoa kinavyotajwa. Asante tupu, hata ikirudiwa mara tatu, humwacha akijiuliza kama kilifika.

Ombi la misumari tuliliandika kwenye karatasi ya pili, peke yake, pamoja na hesabu ya kilo na bei ya dukani, na sahihi ya mzee chini yake.