Kabla Hujatoka Makoroboi

Mpwa wangu Neema,

Mama yako ameniambia umeanza kazi dukani Makoroboi, hapa Mwanza, na kwamba jioni hujui ufanye nini: ukae ndani mpaka foleni iishe, au utoke saa kumi na moja na nusu uanze safari ya kurudi nyumbani Nyegezi kwa miguu na daladala. Nimeendesha hiace barabara hiyo miaka mingi, kwa hiyo nikueleze ninavyoifahamu.

Barabara ya Kenyatta haina foleni mwanzo hadi mwisho. Shida iko pale ilipobanwa. Kuanzia Igogo hadi Mkuyuni, upande mmoja kuna milima ya mawe iliyojaa nyumba, upande wa pili reli na ziwa. Hakuna barabara ya pembeni ya kukimbilia. Jioni madereva wanapoanza kutanua, wanaziba hata upande wa magari yanayorudi mjini, na hapo ndipo kituo kinapokaukiwa na magari. Abiria wanadhani magari ni machache, kumbe yamekwama kule kule wanakotaka kwenda.

Kwa hiyo ukifika kituoni usihesabu watu. Subiri gari moja liingie, umuulize kondakta alitoka Nyegezi saa ngapi. Ni kama kilomita 10, safari ya nusu saa barabara ikiwa nyepesi. Akikuambia dakika 40, panda. Akikuambia ametumia zaidi ya saa nzima, au kama hakuna gari lililoingia kabisa kwa robo saa, tembea.

Hesabu yake ni hii. Mtu anayetembea vizuri anamaliza kilomita moja kwa dakika 12. Kutoka hapo dukani kwako hadi Mkuyuni ni kama kilomita 4, yaani dakika 50 hivi. Ukiondoka saa 11:30 utakuwa Mkuyuni saa 12:20, na sehemu mbaya umeiacha nyuma. Pale watu wa Mkuyuni wanashuka, nafasi inapatikana, ingawa mara nyingi ni ya kusimama. Zilizobaki ni kilomita 6. Saa moja kasorobo uko nyumbani. Aliyepanda mjini saa ile ile uliyoanza kutembea pengine bado yuko Igogo.

Tena kuna jambo la nauli. Foleni ikizidi, baadhi ya makondakta hukatisha ruti: wanawashusha watu Mkuyuni na kugeuza mjini. Ruti isiyozidi kilomita 10 ilifika shilingi 600 LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, kwa hiyo aliyeshushwa njiani analipa mara mbili. Wewe uliyetembea unalipa mara moja. Kukatisha ruti ni kosa, lakini usigombane na kondakta gizani; shika namba ya gari tu.

Kinachoamua zaidi ya foleni ni jua. Mwanza jua huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 kulingana na mwezi, mapema zaidi Novemba, na kwa kuchelewa zaidi Februari. Likizama, giza haliko mbali. Sitaki utembee Igogo gizani: mitaro iko wazi, taa za magari zinakupiga machoni, na bodaboda wanaokwepa foleni wanapita pale pale unapokanyaga. Kwa hiyo mwisho wako wa kuondoka kwa miguu ni saa 11:40. Ikipita hapo, au mawingu yakiwa yameshuka, rudi dukani ukae mpaka saa moja na nusu, barabara ikishalegea. Utafika kama saa mbili, umechelewa lakini uko salama.

Wengi wanaoteseka ni wale wa katikati. Wanasimama kituoni nusu saa wakitumaini, wanachoka, ndipo wanaanza kutembea jua likiwa limekwisha. Hao wamepoteza faida ya kusubiri na faida ya kuwahi. Amua ndani ya ile robo saa ya kwanza, na ukishaanza kutembea usirukie gari lililosimama Igogo kwa sababu tu umeona kiti. Kiti hicho kiko ndani ya foleni ile ile.

Hesabu hii ni ya Kenyatta peke yake. Siku ukija kwa shangazi yako Kirumba usisumbuke na gari hata kidogo. Pita Furahisha kwa miguu, ni karibu. Ukienda Igoma ni mbali mno kwa miguu peke yake, na barabara ya Nyerere imebanwa Mabatini, kwa hiyo tembea hadi upite Mabatini, kisha panda.

Nunua viatu vya kutembelea, vile vya dukani viache dukani. Jumatatu ukifika nyumbani nipigie, uniambie kondakta alikujibu dakika ngapi.

Mjomba wako,
Mkolani