Mwalimu, mpe Iago kipindi kizima



Nimesikia mwaka huu utafundisha *Othelo* ya Shekspia, na kwamba Iago utammaliza kwa sentensi moja: mtu mbaya. Naomba umpe kipindi kizima. Mimi kazi yangu ni habari, kila siku napambana na uvumi, na sijui mwalimu wa uvumi kumzidi yeye.

Chukua tendo la tatu, onyesho la tatu. Kasio anaagana na Desdemona, mke wa Othelo. Iago ananong'ona kwamba hajapenda alichokiona. Akiulizwa, anasema si kitu. Kisha anarudia maneno ya Othelo kama swali, anasita, anamwonya ajihadhari na wivu. Mpaka hapo hajamshtaki mtu waziwazi. Ni Othelo anayemsihi aseme. Leso inakuja baadaye, ikimkuta ameshaanza kuamini.

Wanafunzi wakifundishwa tu kwamba Iago ni mwovu, watakuwa wanamsubiri mtu mwenye sura ya uovu. Lakini mle ndani ya tamthilia, Mwalimu, watu humwita mwaminifu.

Mwanafunzi wako wa zamani.