Kilengelenge kilichorudi mara tatu

Sisi wakazi wa Kaole tumezoea kuyamaliza nyumbani maradhi madogo ya watoto. Mazoea hayo ndiyo yaliyotupotosha miezi mitatu katika jambo la mdomo wa kijana wetu mwenye umri wa miaka 12.

Siku moja alikuwa akila muhogo na samaki kwa pupa, akajiuma mdomo wa chini kwa ndani. Damu ilitoka kidogo, akasukutua kwa maji ya chumvi, nasi tukasahau. Baada ya kama juma moja tukaona pale pale kilengelenge cha ukubwa wa mbaazi, laini, chenye kung'aa na rangi ya samawati kwa mbali. Hakikuwa na maumivu hata kidogo.

Mkubwa wetu wa nyumbani akasema, "Kitoboeni, wanangu, maji yatoke." Tukakitoboa kwa sindano tuliyoipitisha motoni. Yakatoka maji mazito yenye kuteleza kama ute wa yai, mdomo ukawa sawa, tukashukuru. Siku kumi baadaye kilikuwa kimerudi. Mara ya pili kilijipasukia chenyewe wakati wa kula, kikarudi tena. Mara ya tatu kilirudi kikiwa cheupe zaidi na kigumu kidogo, na hapo ndipo hofu ya saratani ilipotuingia, mama yake akakosa usingizi.

Tukampeleka kwa daktari wa meno mjini Bagamoyo. Baada ya salamu, akaupapasa mdomo kwa vidole viwili, kisha akauliza, "Mlikitoboa?" Tukakiri. Akatabasamu, akasema, "Mlikuwa mkifuta maji sakafuni, na bomba lililopasuka mmeliacha ukutani."

Akatufafanulia kwamba ndani ya mdomo wa chini mna tezi nyingi ndogo za mate, kila moja na kijifereji chake cha kutolea ute. Jino likikata kijifereji hicho, tezi haijui kuwa njia imeharibika. Inaendelea kutoa ute, nao unavujia ndani ya nyama. Mwili huuzungushia ukuta mwembamba, na hicho ndicho kilengelenge, ambacho wataalamu hukiita mukosili. Ukikitoboa, unatoa ute uliokwisha kukusanyika, lakini tezi iliyo chini yake inajaza upya. Nao ugumu uliotutisha ulikuwa kovu la kupasuka mara kwa mara.

Tulimwuliza kama ni lazima kukata. Alisema vingine hupona vyenyewe, hasa vile vidogo na vipya, kwa hiyo kungoja majuma machache si kosa. Lakini kilichorudi mara tatu na kuanza kuwa kigumu hakina sababu ya kungojewa.

Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Alichoma sindano ya ganzi, akapasua ngozi laini ya ndani ya mdomo, akakitoa kilengelenge pamoja na tezi zilizokizunguka. Tuliziona kwa macho yetu, zikiwa ndogo kama punje za ulezi. Alitueleza kuwa siri ya kutorudi iko hapo: ukitoa kifuko peke yake na kuiacha tezi yake, au ukijeruhi tezi ya jirani kwa sindano ya kushonea, utakirudisha mwenyewe. Akashona nyuzi tatu, na nyama aliyoitoa ikapelekwa maabara ikapimwe.

Siku za mwanzo kijana alikula uji na wali laini usio moto, na kuanzia siku ya pili akasukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Sehemu ndogo ya mdomo ilibaki na ganzi kwa majuma kadhaa kisha ikarejea. Daktari alikuwa ametuonya mapema, kwani vineva vidogo hupita papo hapo. Majibu ya maabara yalisema ni ute uliovuja, si saratani.

Kabla ya kuagana alituachia tahadhari mbili. Ya kwanza, uvimbe wa mdomo wa juu, au ulio mgumu tangu mwanzo, au unaokua bila kupungua hata siku moja, usidhaniwe kuwa mukosili; upimwe mapema. Ya pili ilimhusu kijana mwenyewe. "Mtazameni anaposoma," alisema.

Tulimtazama jioni ile. Kila hesabu ilipomshinda, meno ya juu yalishuka yakautafuna mdomo wa chini. Tumekuwa tukimgusa bega kila tunapoona, naye huuachia mdomo na kucheka. Sindano yetu imerudi kwenye kazi yake ya kushonea nguo.