Seva ilinyamaza, nami nikalala

Leo sina simu mpya wala programu ya kuwaonyesha. Nina kisa kilichonipata mwaka 2019, nilipokuwa afisa wa kompyuta katika hospitali moja ya kaunti. Jina la hospitali nitaliacha, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kliniki ya mama na mtoto ilikuwa na friji moja ya chanjo. Chanjo humo hukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Sista msimamizi alikuwa akisoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, hata wikendi. Mimi nikaona kazi hiyo ni ya mashine. Nikatia kihisi ndani ya friji, kidude kidogo cha kupima joto, nikakiunganisha na kisanduku chenye laini ya simu. Kila dakika kumi kilituma kipimo kimoja kwenye seva yangu. Hesabu yake ni rahisi: vipimo 144 kwa siku.

Kila usiku saa tatu, cron iliamsha programu ndogo niliyoiandika, nayo iliuliza hifadhidata hivi:

```sql
SELECT COUNT(*) FROM joto
WHERE saa > NOW() - INTERVAL 1 DAY
  AND (nyuzi < 2 OR nyuzi > 8);
```

Yaani: katika saa 24 zilizopita, ni vipimo vingapi vimetoka nje ya mipaka? Jibu likizidi sifuri, natumiwa ujumbe kwenye simu. Likiwa sifuri, programu inanyamaza. Sikutaka kusumbuliwa kila usiku na ujumbe wa kuniambia kila kitu ki shwari. Nilipoijaribu kwa kukitoa kihisi nje juani, ujumbe ulifika mara moja. Nikamwambia Sista, "Sasa wikendi pumzika, mashine itaangalia." Akaniamini.

Jumatatu moja, kabla ya saa mbili asubuhi, simu ikalia.

"Kijana wa kompyuta, mashine yako ilikuambia nini Jumamosi?"

"Haikuniambia kitu, Sista. Hakukuwa na tatizo."

"Basi njoo uone."

Ndani ya friji kulikuwa na kirekodi cha siku 30, kile kidogo chenye kioo ambacho hakitumi ujumbe kwa mtu yeyote. Lazima ukitazame mwenyewe. Kengele yake ya baridi huwekwa joto likikaa chini ya nyuzi -0.5 kwa dakika 60. Kilikuwa kimeweka alama ya hatari siku ya Jumamosi: nyuzi -1.8 usiku wa manane, na muda wa zaidi ya saa mbili. Ijumaa jioni, wakati wa kupanga chanjo mpya, kitufe cha kurekebisha baridi kilikuwa kimezungushwa bila mtu kujua. Kwenye karatasi ya mlangoni, nafasi nne za wikendi zilikuwa tupu.

Nilirudi kwenye seva mbio. Kipimo cha mwisho kilikuwa cha Alhamisi, saa tano na dakika arobaini usiku. Bando la laini ya kihisi lilikuwa limeisha muda wake. Hakuna kilichoharibika, kisanduku kilikuwa kinawaka taa kama kawaida, kinapima, na kinajaribu kutuma bila kufanikiwa.

Sasa tazama swali langu upya. Ijumaa usiku lilikuta vipimo 16 tu vilivyobaki vya Alhamisi, vyote vizuri. Jibu: sifuri. Jumamosi halikukuta kipimo hata kimoja. Jibu: sifuri. Jumapili, vivyo hivyo. Vipimo 144 vizuri ni sifuri, na kutokuwa na kipimo chochote pia ni sifuri. Nilikuwa nimeuliza "kuna kipimo kibaya?" bila kuuliza kwanza "kuna kipimo?" Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nimekiandikia programu kimya hicho.

Huenda unafikiri baridi kidogo haina neno, kwani si ndiyo kazi ya friji? Mimi pia nilifikiri hivyo. Sista akanionyesha chupa ya pentavalenti, chanjo inayomkinga mtoto dhidi ya magonjwa matano, yakiwemo kifaduro, pepopunda na dondakoo. Ndani yake kuna chembechembe za alumini zinazosaidia chanjo kufanya kazi. Ikiganda, chembe hizo hushikana na hazirudi tena zilivyokuwa, hata chupa ikiyeyuka na kuonekana sawa. Ile alama ya mraba iliyo kwenye chupa hubadilika rangi kwa joto, si kwa kuganda. Mtoto atachomwa sindano, atalia, mama atarudi nyumbani ameridhika, na kinga huenda isiwepo.

Akafanya jaribio la kutikisa. Siku ile hatukuwa na njia ya haraka, kwa sababu jaribio hilo linahitaji chupa ya toleo lile lile iliyogandishwa kwa makusudi, ikayeyuka, ili iwe ya kulinganisha. Ukishazitikisa zote mbili, unaziweka mezani na kutazama. Chanjo nzima hukaa na ukungu wake kwa muda. Iliyoganda hutua chini upesi na kuacha maji maangavu juu. Zetu zilitua pamoja na ile ya kulinganisha. Chupa 38 za dozi kumi kumi zikatiwa kwenye sanduku la kutupwa. Chanjo ya matone ya polio na ya surua hazikudhurika, maana hizo haziharibiwi na kuganda.

Akina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Tulituma gari stoo ya kaunti ndogo, likarudi baada ya saa saba. Wengine walikuwa wameshaondoka.

Jioni hiyo nilibadilisha swali:

```sql
SELECT COUNT(*), MAX(saa), MIN(nyuzi), MAX(nyuzi)
FROM joto
WHERE saa > NOW() - INTERVAL 1 DAY;
```

Sasa programu hutazama idadi kwanza. Vikipungua 138, yaani vikikosekana vya zaidi ya saa nzima, ujumbe husema KIHISI HAKITUMI, na haijali joto ni ngapi. MIN na MAX zikilingana kabisa siku nzima, hilo nalo ni tatizo, maana friji halisi hupanda na kushuka kidogo, kihisi kimekwama. Na kwa kuwa chanjo huweza kuganda muda mrefu kabla ya saa tatu usiku kufika, programu ya pili huamka kila baada ya nusu saa kuona kama kipimo cha mwisho kimechelewa.

Lakini seva yenyewe ikizimika, nani ataniambia? Hapo ndipo nilipokubali usumbufu niliokuwa nimeukwepa. Ujumbe hutoka kila usiku, hata mambo yakiwa shwari: "Vipimo 144, chini 3.4, juu 5.1." Unaenda kwangu na kwa Sista. Tulikubaliana kwamba ukikosekana ifikapo saa tatu na robo, yeyote kati yetu ampigie mwenzake.

Na karatasi ya mlangoni? Sista aliirudisha, asubuhi na jioni, wikendi pia. Sikubisha.